Oda 19, lipstiki 13: uchambuzi wa tangazo moja la laivu ya vipodozi

Usuli

Muuzaji wa kisa hiki nitamwita Bi. M. Majina ya bidhaa nimeyaondoa, na meseji za wateja nimezifupisha pale ambapo neno fulani lingemtambulisha mtu. Hesabu nimeziacha kama zilivyokuwa kwenye daftari letu, hata zile zinazoniaibisha, maana mwandishi wa matangazo yote mawili utakayoyasoma hapa ni mimi.

Bi. M. anauza vipodozi kwa njia mbili. Mchana wifi yake anakaa dukani na kuuza kimoja kimoja kwa wanaopita. Mara moja kila baada ya wiki mbili hivi, usiku, Bi. M. anaingia laivu na kuuza seti: bidhaa tatu zinazokwenda pamoja, kwa bei iliyo chini kidogo ya kuzinunua mbalimbali. Mimi kazi yangu ni kuandika tangazo, kupokea wanaotaka kushikiwa kabla ya siku, na siku yenyewe kukaa pembeni ya stendi ya simu nikimsomea komenti. Yeye anaongea na kuonyesha. Macho yake hayawezi kuwa kwenye lipstiki na kwenye skrini kwa wakati mmoja.

Safari hii alikuwa na seti tatu. Seti 1 ilikuwa sabuni ya uso, losheni nyepesi na krimu ya kukinga jua. Seti 2 ilikuwa ya midomo: lipstiki nyekundu iliyokoza, lipstiki ya kahawia na penseli ya midomo. Seti 3 ilikuwa ya mtoko: fandesheni, poda, na ile ile lipstiki nyekundu iliyokoza. Hiyo lipstiki nyekundu ikumbuke.

Tangazo la kwanza

Lilitoka Jumatano usiku, kama picha kwenye stetasi na kwenye orodha ya matangazo ya WhatsApp. Maneno yake haya:

> LAIVU LAIVU! Usiku wa Ijumaa saa 8 usiku tunashuka na seti kali tatu! Seti 2 zipo 12 tu, seti 3 zipo 10 tu. Wahi inboksi ukashikiwe yako mapema!

Juu ya picha, kwa herufi kubwa za kiolezo nilichokitumia, paliandikwa 8:00 PM.

Likisomwa haraka halina tatizo. Lina siku, lina saa, lina idadi, linaeleza pa kwenda. Nililisoma mara mbili kabla ya kulituma na sikuona kitu. Bi. M. naye alilisoma akasema tuma.

Yaliyotokea

Ijumaa asubuhi nilikuta meseji ya sauti kutoka kwa mteja mmoja mtu mzima, ambaye Bi. M. humwita bibi. "Mwanangu, jana nimekaa na simu mpaka usingizi ukanichukua. Hiyo laivu yenu imefia wapi?" Bi. M. alimwamkia, akamwomba radhi, akanigeukia akaniuliza kwa nini bibi ameingia Alhamisi.

Bibi hakukosea. Kwa hesabu ya Kiswahili cha zamani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoikaribisha Ijumaa, yaani Alhamisi ikishatua. Kijana wa leo akisikia maneno hayo hayo anaelewa Ijumaa yenyewe baada ya jua kuzama. Wote wawili wanaongea Kiswahili safi. Neno lisilo na ubishi lilikuwa "Ijumaa usiku", na hata hilo lingekuwa salama zaidi kama lingefuatana na tarehe.

Mchana wa Ijumaa zikaja meseji tatu, zote kati ya saa 8 na saa 8 na robo: dada mbona hamjaanza? Hapa kosa ni langu bila utetezi. Niliandika maneno ya tangazo baada ya kumaliza picha, nikaitazama 8:00 PM, na kidole kikainakili ile 8 huku kichwa kikifikiria saa mbili. Saa 8 usiku kwa Kiswahili ni usiku wa manane. Hakuna aliyeamini kwamba tutauza poda wakati huo, kwa hiyo kila mtu alisahihisha kwa namna yake: wengine walifuata picha wakapata saa 2 usiku, wengine walidhani tumekosea neno "usiku" wakaja mchana.

Hayo ya saa yalipita kwa kuombana radhi. Ya oda hayakupita.

Kufikia Ijumaa jioni nilikuwa nimewaandika watu 11 wa seti 2 na 8 wa seti 3. Kila mmoja nilimjibu "umeshikiwa, karibu laivu". Hakuna aliyelipa chochote, kwa sababu tangazo halikutaja malipo wala muda wa mwisho. Tulianza saa 2 usiku, na kwa seti 2 tulikuwa na moja tu ya kuuza, kwani 11 kati ya 12 zilikuwa na wenyewe. Ilikwenda dakika ya kumi, kwa mteja aliyelipa pale pale. Kuanzia hapo kila aliyeiulizia kwenye komenti nilimwambia zimekwisha.

Dakika kama arobaini baada ya kuanza, Bi. M. alifungua boksi la lipstiki nyekundu ili apake moja mkononi na watu waone ilivyokoza. Nilimwona anasita. Aliendelea kuongea na wateja, anatabasamu, lakini mkono ulikuwa unahesabu ndani ya boksi. Kisha akaligeuza kidogo kuelekea kwangu ili nione. Zilikuwa 13, kando ya ile moja ambayo tayari tulikuwa tumeifunga kwenye seti iliyouzwa.

Oda 11 na oda 8 ni oda 19, na kila moja inahitaji lipstiki nyekundu. Tulikuwa tumewaahidi watu 6 kitu ambacho hakipo.

Uamuzi wa usiku ule, na kwa nini

Laivu ilipokwisha tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuwapa watu 6 rangi nyingine ya lipstiki. Bi. M. aliikataa: aliyechagua nyekundu iliyokoza hakuchagua waridi, na lipstiki ikishafunguliwa na kugusa mdomo hairudi dukani, kwa hiyo ukimpa mtu rangi asiyoitaka umemuuzia ugomvi. Ya pili ilikuwa kuwaambia wote 19 kwamba atakayewahi kulipa ndiye atakayepata. Hiyo niliipendekeza mimi. Bi. M. alisema tumekwishawaambia wameshikiwa, na neno hilo haliwezi kugeuka mashindano usiku wa saa 4. Ya tatu, ndiyo tuliyoifuata, ilikuwa kuwaondoa 6 wa mwisho kwa mpangilio wa kuingia na kuwaomba radhi usiku ule ule.

Uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Ulioharibika ni mpangilio. Nilifungua orodha ya mazungumzo kwenye simu nikaisoma kutoka chini kwenda juu, nikiamini kwamba wa chini ndio wa mwanzo. Lakini orodha hiyo haipangwi kwa aliyeanza. Inapangwa kwa meseji ya karibuni. Mteja aliyeomba Jumatano, dakika chache tu baada ya tangazo, alikuwa ameandika tena Ijumaa jioni: "Dada umeona meseji yangu?" Meseji hiyo moja ilimpandisha juu kabisa, na mimi nikamhesabu kuwa wa mwisho. Nilimwondoa mtu wa kwanza.

Mwingine kati ya wale 6 alikuwa ameandika "Nishikie 2". Nilimwandika seti 2, moja. Alipojibu kwa hasira ndipo niliposoma mazungumzo yake kutoka mwanzo: alikuwa ameuliza habari za seti 3, akajibiwa, kisha akasema "Nishikie 2", yaani mbili za hiyo hiyo. Seti zenye majina ya namba, zinazouzwa kwa idadi, saa 2 usiku. Nikitazama nyuma nashangaa kwamba aliyechanganyikiwa alikuwa mmoja tu.

Matokeo ya laivu ya kwanza

Kati ya watu 13 tuliowabakiza, 8 walilipa na kuchukua seti zao kufikia Jumapili. Watano hawakuonekana tena. Wawili kati ya hao watano walikuwa wateja wa miaka mingi, na Bi. M. aliwapigia, mmoja alisema mambo yameingiliana, mwingine hakupokea.

Kati ya wale 6 tuliowaondoa, 4 walikuwa na pesa mkononi.

Jumatatu asubuhi lipstiki 5 nyekundu zilikuwa bado kwenye boksi. Tulikuwa tumeuza kupita stoki na tukabakiwa na stoki, kwa bidhaa ile ile, usiku ule ule. Zaidi ya hao kuna wale wa kwenye komenti niliowaambia zimekwisha, ambao hatuna hesabu yao.

Kilichokosewa, kwa undani

Bi. M. alihesabu seti kwa kutazama kile kilichoonekana kichache. Penseli za midomo zilikuwa 12, kwa hiyo seti 2 zikawa 12. Chupa za fandesheni zilikuwa 10, kwa hiyo seti 3 zikawa 10. Kila seti peke yake ilihesabiwa sawasawa. Lipstiki nyekundu zilikuwa 15 kwenye boksi, na 15 ni nyingi kuliko 12 na ni nyingi kuliko 10, kwa hiyo hakuna aliyezifikiria. Lakini ahadi yetu ilikuwa seti 22, na zote zilitaka kuchota kwenye boksi moja. Bidhaa inayoingia katika seti zaidi ya moja lazima ihesabiwe kwa jumla ya seti zote inamoingia, na hiyo ndiyo inayoamua mwisho wa idadi. Kwa lipstiki 15 tungeweza kutangaza 8 na 7, au 12 na 3, au mgao mwingine wowote usiozidi 15.

Na hata zile 15 hazikuwa 15. Alhamisi wifi aliuza moja kwa mteja aliyepita dukani. Ukichanganya na ile iliyouzwa dakika ya kumi, ndiyo maana Bi. M. alikuta 13. Wifi hakujua kwamba boksi lile limetangazwa. Hakuna aliyemwambia, na boksi lilikuwa kwenye rafu yake ya kila siku.

Kosa la pili lilikuwa kwenye neno "umeshikiwa". Kwa mteja, nishikie ni ombi, na umeshikiwa ni jibu lenye uzito. Kwetu lilikuwa salamu tu. Halikuwa na mwisho, halikuwa na namba, halikumgharimu chochote aliyeomba. Mtu anayeona tangazo lenye "zipo 12 tu" anaomba kwanza na kufikiria baadaye, na simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba stoki inafungwa na wanaofikiria, na wanaotaka kulipa wanaambiwa hakuna.

Kosa dogo la tatu lilikuwa njia ya kufikisha tangazo. Stetasi hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo Ijumaa jioni, pale mtu alipotaka kuhakikisha saa, halikuwepo tena. Na orodha ya matangazo ya WhatsApp humfikia tu aliyehifadhi namba ya muuzaji kwenye simu yake. Wengine hawapati kitu na wewe huambiwi. Isitoshe, maneno yote yalikuwa ndani ya picha, ambayo si rahisi mtu kuitafuta kwa neno wala kunakili mstari wake akamtumia mwenzake.

Tangazo la pili

Wiki mbili baadaye tulirudi na seti zile zile. Kabla ya kuandika hata neno moja, Bi. M. alikaa sakafuni na mifuko ya karatasi akafunga kila seti mkono kwa mkono. Lipstiki nyekundu zilikuwa 18: zile 5 zilizobaki na 13 mpya. Alifunga mifuko 8 ya midomo na 8 ya mtoko, lipstiki 2 zilizosalia akampa wifi auze dukani, na mifuko akaiweka chumba cha ndani. Kila mfuko uliandikwa jina la seti na namba kwa kalamu ya wino mzito: Midomo 1, Midomo 2, mpaka 8. Tangazo liliandikwa kwa kuitazama mifuko.

> LAIVU YA VIPODOZI
> Jumamosi usiku, tarehe 14. Kuanza saa 2:00 usiku (simu yako itaandika 20:00 au 8:00 PM). Kumaliza saa 3:30 usiku.
>
> ASUBUHI, mifuko 8: sabuni ya uso, losheni nyepesi, krimu ya kukinga jua.
> MIDOMO, mifuko 8: lipstiki nyekundu iliyokoza, lipstiki ya kahawia, penseli ya midomo.
> MTOKO, mifuko 8: fandesheni, poda, lipstiki nyekundu iliyokoza. Fandesheni namba 2 mifuko 3, namba 3 mifuko 4, namba 4 mfuko 1.
> Bei iko kwenye picha ya kila seti.
>
> KUSHIKIWA kunaanza Alhamisi tarehe 12, saa 3:00 asubuhi. Mifuko 4 ya kila seti inashikwa mapema. 4 inabaki ya laivu.
> Andika inboksi: NISHIKIE, jina la seti, idadi kwa maneno, na kwa Mtoko taja namba ya fandesheni. Mfano: NISHIKIE MTOKO moja, fandesheni namba 3.
> Hujashikiwa mpaka upate jibu lenye namba ya mfuko. Ukipata namba, lipa nusu ya bei ndani ya saa 2. Muda ukipita, mfuko unakwenda kwa anayefuata.

Lilitumwa Jumatano kama maandishi, picha za seti zikifuata chini yake. Jumamosi asubuhi na robo saa kabla ya kuanza tulikumbusha kwa mstari mmoja wenye siku, tarehe na saa. Hatukuandika "leo" wala "kesho" mahali popote, kwa sababu meseji ikishasambazwa na mtu mwingine siku inayofuata, "leo" yako inakuwa uongo.

Namba za fandesheni zinastahili maneno machache. Mara ya kwanza tulionyesha rangi kwa picha, na kila aliyeitaka seti ile alitaka "hii ya kati". Picha haiaminiki kwa hili. Taa ya duara huipausha rangi, simu nayo husawazisha mwanga yenyewe, na chupa moja ikipigwa picha mchana dirishani na usiku chini ya taa zinatoka kama rangi mbili. Kinachobaki kile kile ni namba iliyochapishwa kwenye chupa. Asiyejua namba yake tulimwomba picha ya taya na shingo akiwa karibu na dirisha, mchana, bila vipodozi. Tulikataa picha za mkono, kwa sababu kwa wengi mkono na uso havifanani.

Jinsi kushikiwa kulivyokwenda

Mifuko 12 ya mapema ilishikwa yote kufikia Alhamisi usiku. Kila aliyeomba alijibiwa kwa namba ya mfuko, kwa mfano "Umeshikiwa Midomo 3, mpaka saa 7:20 mchana", na namba hiyo nikaiandika daftarini na saa yake. Faida sikuitarajia kuwa kubwa hivyo: baada ya hapo mpangilio wa mazungumzo kwenye simu haukuwa na maana tena. Mtu aliandika mara ya pili, ya tatu, akapanda juu, akashuka. Mfuko wake ulikuwa ule ule.

Watu 9 walilipa nusu ndani ya muda. Mifuko 3 ilipita saa zake. Miwili kati ya hiyo ilichukuliwa na waliokuwa wakisubiri, wakalipa, na mmoja ukahamishiwa laivu. Kwa hiyo mapema tuliuza 11, na laivu tukaingia na mifuko 13.

Mteja mmoja wa siku nyingi aliudhika. "Dada, na sisi tuliojuana miaka yote hii leo unatudai rehani?" Nilidhani Bi. M. atamwachia. Alimjibu kwa upole kwamba ni utaratibu wa wote, na hakumwambia sababu halisi, kwamba wawili kati ya waliotoweka mara iliyopita walikuwa ni wa miaka yote hii. Mteja alilipa. Hakuja laivu.

Usiku wa laivu sheria ya komenti ilikuwa moja: aliyetajwa jina na namba ya mfuko ndiye aliyepata. Mara ya kwanza tulisema "wa kwanza kukomenti", na watu wawili waligombea Seti 1 ya mwisho, kila mmoja akiapa kwamba kwenye simu yake komenti yake ndiyo iliyotangulia. Inawezekana wote walisema kweli. Sauti ya Bi. M. humfikia kila mtazamaji kwa kuchelewa sekunde kadhaa, na si sekunde zile zile kwa kila mmoja, na komenti nazo hazimwonekanii kila mtu kwa mfuatano mmoja. Safari hii Bi. M. aliuinua mfuko, akasoma maandishi yake mbele ya kamera, akataja jina, akauweka upande wa kushoto. Mabishano yalikwisha.

Laivuni iliuzwa mifuko 9. Ikabaki 4: Asubuhi 3, na Mtoko mmoja wa fandesheni namba 2. Kwa jumla mifuko 20 kati ya 24, na hakuna aliyeahidiwa kisichokuwepo.

Kilichokwama mara ya pili

Saa mbili za kulipa niliziweka bila kufikiria usingizi. Mteja mmoja alishikiwa Alhamisi saa 4 usiku, akaambiwa mpaka saa 6 usiku, akalala. Saa 6 ilipofika mimi, kwa bidii ya mlinzi wa geti, niliupeleka mfuko kwa aliyefuata kwenye orodha, naye akaulipia ndani ya muda wake. Wa kwanza aliandika saa 1 asubuhi akiwa na pesa. Tulikuwa sahihi kwa maandishi yetu na tulimkosea. Tangazo la tatu lina mstari mpya: anayeshikiwa baada ya saa 2 usiku ana mpaka saa 4 asubuhi ya siku inayofuata.

Mgao wa nusu kwa nusu pia haukuwa na msingi. Midomo ingeweza kushikwa yote 8 mapema. Asubuhi haikuhitaji kushikwa hata mmoja, kwani hakuna aliyeiogopea kwisha. Nilipendelea nusu kwa sababu inaandikika kwa sentensi moja.

Lakini kinachotusumbua hasa ni watazamaji. Laivu ya kwanza, pamoja na fujo zake zote, ilifikisha watu 84 kwa wakati mmoja. Ya pili haikuvuka 61. Nilipitia majina: kati ya 11 waliolipa mapema, niliowaona wameingia ni 3. Wengine hawakuwa na sababu ya kuja. Mfuko una namba, nusu imelipwa, kilichobaki ni kuuchukua. Hao ndio waliokuwa wakikomenti "nimeitumia hii, haikaushi midomo" na kumsaidia Bi. M. kuuza kwa wageni. Mimi nimependekeza waliolipa mapema wachaguliwe zawadi ndogo laivuni, mmoja kwa namba ya mfuko. Bi. M. anasema atakayekuja kwa zawadi atakaa kimya akisubiri namba yake, na yeye anamtaka anayeongea. Kwa tangazo la tatu tumepunguza mifuko ya mapema ya Mtoko kutoka 4 hadi 2, na tumeiacha Midomo kama ilivyo. Bibi amekwisha kushikiwa Midomo 1. Kabla ya kulipa aliuliza, "Jumamosi hiyo ni jua likishazama siku hiyo hiyo, siyo?" Nikamjibu ndiyo, bibi, siku hiyo hiyo.